Kifundo kilichopona kinapopinda kwenye mchanga: mguu au sikio la ndani?

*Daktari, nilitegua kifundo cha mguu wa kulia miezi 4 iliyopita. Uvimbe umekwisha, maumivu hakuna, na kwenye lami nakimbia vizuri. Lakini nikipita kwenye mchanga au kokoto mguu huo unapinda. Nimejipima mwenyewe: sakafuni, miguu pamoja na macho nimefumba, namaliza sekunde 30. Kwa mguu mmoja, macho nimefumba, wa kushoto sekunde 22, wa kulia 6. Juu ya godoro, miguu yote miwili na macho nimefumba, naanguka sekunde ya 8. Shida ni kifundo au sikio la ndani?*

Shida ni kifundo. Ushahidi uko kwenye zile 22 na 6 za sakafuni. Ile 8 ya godoroni, ambayo nadhani ndiyo iliyokutia hofu, haisemi lolote kuhusu mguu wako wa kulia. Watu wengi huamini kwamba mahali laini ndipo kifundo hupimwa vizuri zaidi, kumbe ukisimama kwenye kitu laini na kufumba macho, kifundo ndicho kinachonyamazishwa, na mtihani wote unaliangukia sikio.

Tuanzie sakafuni. Uzito wa mwili uliosimama hauangukii juu ya kifundo hasa, bali sentimita chache mbele yake. Maana yake ni kwamba muda wote unaanguka kwenda mbele, na misuli ya shavu la mguu inakuvuta nyuma kidogo kidogo kupitia kano ya kisigino. Hata mtu anayeonekana ametulia tuli anayumba mbele na nyuma bila kukoma. Ili misuli ijue ivute kiasi gani na wakati gani, ubongo lazima ujue mwili umeinama kwa kiasi gani, na kwenye sakafu ngumu njia rahisi kuliko zote ni kusoma pembe ya kifundo. Sakafu haisogei, unyayo umelala juu yake, kwa hiyo mwili ukiinama nyuzi 1 mbele, kifundo nacho kinajikunja nyuzi 1.

Pembe hiyo husomwa zaidi na misuli kuliko na kiungo chenyewe. Ndani ya misuli kuna vihisio vidogo vinavyopiga ishara kila msuli unaponyooshwa, na ishara huongezeka kadiri mnyoosho unavyokuwa mkubwa na wa kasi. Ligamenti na mfuko wa kiungo navyo vina vihisio vyake, lakini hivi huamka zaidi kiungo kinapokaribia mwisho wa mzunguko wake. Ngozi ya unyayo huongeza habari ya tatu: uzito umekaa wapi, kisiginoni, kwenye vidole, au ukingoni. Ukitaka kuona jinsi ubongo unavyoviamini vihisio vya misuli, kuna jaribio la maabara ambalo limerudiwa mara nyingi. Mtu husimama amefumba macho, kisha kano zake za visigino hutetemeshwa kwa kifaa kinachopiga mara 80 hivi kwa sekunde. Mtetemo huo huvidanganya vihisio vya shavu la mguu, vinaripoti kwamba msuli umenyooka, yaani mwili umeinama mbele. Mtu hajainama hata kidogo, ila ubongo unamvuta nyuma, na asiposhikwa anaweza kuanguka chali.

Sikio la ndani hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kila upande una mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, inayohisi kichwa kinapozunguka, na vifuko viwili vyenye chembe za kalsiamu kaboneti juu ya vinyweleo, vinavyohisi kichwa kilivyoinama na kinavyosukumwa mbele, nyuma, juu au pembeni. Kifaa hiki kina ubora mmoja mkubwa: hakijali umesimama juu ya nini. Kina pia kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hakiwezi kugundua myumbo mdogo na wa polepole ambao kifundo huugundua mapema. Ya pili ni kwamba kinajua habari za kichwa tu. Ukiinamisha kichwa kutazama viatu vyako, mifereji inapiga ishara zinazofanana sana na za mwili mzima unaoanguka mbele. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni vihisio vya misuli ya shingo, vinavyouambia ubongo kwamba shingo ndiyo iliyojikunja, kiwiliwili kiko palepale.

Ushirikiano huo wa sikio na shingo unaonekana waziwazi ukipitisha umeme hafifu sana, wa takriban miliampia 1, kwenye ngozi iliyo nyuma ya masikio ya mtu aliyesimama amefumba macho. Anayumba kuelekea sikio lenye ncha chanya. Ikiwa ncha hiyo iko kulia na anatazama mbele, anayumba kulia. Mwambie ageuze uso hadi kidevu kikaribie bega la kushoto, ili sikio la kulia lielekee mbele, na umeme uleule sasa unamyumbisha mbele. Sikio halijabadilisha taarifa yake. Ubongo umeitafsiri upya kwa kuangalia shingo imekaaje.

Kwa hiyo ubongo una vyanzo vitatu, miguu, masikio na macho, na hauvipi uzito sawa. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyesimama kwenye sakafu imara penye mwanga, kadirio linalotumika sana ni asilimia 70 kwa miguu, 20 kwa sikio la ndani na 10 kwa macho. Namba hizo si za kudumu. Chanzo kimoja kikianza kutoa habari zisizoaminika, ubongo unakipunguzia uzito na kuwapa wengine.

Sasa panda godoroni. Mwili ukiinama mbele, vidole vinazama kwenye sponji na kisigino kinainuka kidogo, kwa hiyo unyayo mzima unainama pamoja na mwili. Pembe kati ya unyayo na muundi inaweza kubaki ileile uliyokuwa nayo umesimama wima. Kifundo kinaripoti kwa uaminifu kabisa, "pembe haijabadilika", na ripoti hiyo ni ya kweli, ila haina tena uhusiano na kuanguka kwako. Ubongo ukiona hivyo unapunguza uzito wa miguu. Macho umeyafumba. Limebaki sikio, ambalo husubiri myumbo uwe mkubwa zaidi ndipo liamke, na ndiyo maana kila mtu, hata mwenye miguu na masikio mazima, huyumba sana akiwa hapo.

Tena godoro la kulalia lina tatizo la ziada. Ili kuurudisha mwili nyuma lazima vidole vikandamize kitu kinachosukuma vikirudi. Kwenye godoro nene na laini vidole vinazama tu, msukumo haupatikani kwa wakati, na unaanguka hata kama ubongo ulijua mapema kwamba unaanguka. Sekunde 8 juu ya kitu cha namna hiyo si dalili ya ugonjwa.

Rudia kipimo hicho kwa haki. Tafuta kipande cha sponji kizito, kinachobonyea lakini hakikufikishi chini, chenye unene wa sentimita 6 hadi 8, na upana wa kutosha nyayo zote mbili. Kiweke kwenye kona ya chumba ili kuta ziwe nyuma na pembeni mwako, na kiti mbele, na awepo mtu karibu. Vua viatu, weka nyayo pamoja, kunja mikono kifuani, fumba macho, na uhesabiwe hadi sekunde 30. Fanya mara tatu. Mara ya kwanza huwa mbaya kwa karibu kila mtu, kwa sababu ubongo haujamaliza kuhamisha uzito kutoka kifundoni kwenda sikioni. Angalia ya pili na ya tatu. Ukifika 30 hata mara moja, sikio lako linatosha kwa kazi hii. Ukianguka mara zote tatu chini ya sekunde 10 au 15, hasa ukianguka upande mmoja kila mara, hapo ndipo sikio linastahili kuchunguzwa.

Turudi kwenye namba zako nyingine. Ulisimama sakafuni miguu pamoja, macho umefumba, sekunde 30 bila shida. Kipimo hicho ni cha tangu karne ya 19 na kazi yake ni moja: kinaonyesha kama hisia za miguu yote miwili zinafika kwenye ubongo. Mtu ambaye neva za miguu zimeharibiwa na kisukari, au ambaye uti wa mgongo umeathirika kwa upungufu wa vitamini B12, husimama vizuri macho yakiwa wazi na kuanza kuanguka mara anapoyafumba, pale pale kwenye sakafu ngumu. Wewe huko haupo. Lakini kipimo hicho hakiwezi kuona kasoro ya kifundo kimoja, kwa sababu cha kushoto kinasoma pembe kwa niaba ya vyote viwili.

Ndiyo maana ile ya mguu mmoja ina uzito. Umeondoa macho, sikio ni lilelile kwa pande zote, sakafu ni ileile. Kilichobadilika kati ya 22 na 6 ni mguu tu. Usihangaike sana na swali la sekunde ngapi ni za kawaida kwa umri wako. Tofauti ya pande mbili inatosha, mradi ipatikane mara tatu mfululizo na si mara moja tu.

Kabla hujaamua kwamba ni hisia iliyopungua, ondoa sababu mbili zinazofanana nayo. Moja ni ukakamavu. Simama ukitazama ukuta, unyayo umelala chini wote, gusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino, kisha rudisha mguu nyuma polepole hadi mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa. Pima umbali wa kidole gumba kutoka ukutani, halafu fanya hivyo kwa mguu wa pili. Kulia kukipungukiwa na zaidi ya sentimita 2, kiungo chenyewe kimekakamaa na kinahitaji kunyooshwa kwanza. Nyingine ni udhaifu: kaa, mwombe mtu ashike ukingo wa nje wa unyayo na kuusukuma ndani huku ukikataa. Mguu wa kulia ukikubali kirahisi kuliko wa kushoto, misuli ya upande wa nje wa muundi bado haijarudi.

Hisia yenyewe unaweza kuipima ukiwa umekaa mahali pa juu, miguu ikining'inia. Funga simu yenye programu ya kupima mwinamo juu ya unyayo kwa bendeji. Ukiwa umefumba macho, msaidizi apindishe unyayo taratibu kuelekea ndani hadi nyuzi 15, aushike hapo sekunde 5, aurudishe katikati, kisha wewe mwenyewe uurudishe pale alipouacha. Asome tofauti bila kukuambia, na arudie mara tano kila upande. Kukosea kwa nyuzi chache ni kawaida kwa kila mtu. Kinachotafutwa ni mguu wa kulia kukosea kwa wastani mkubwa kuliko wa kushoto, kwa mfano kwa kupitiliza, yaani unaamini umepinda 15 kumbe uko 20.

Nyuzi hizo 5 zinaweza kuonekana ndogo, lakini fikiria mguu ulio hewani sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kukanyaga kokoto. Ubongo umekwisha kuamua unyayo utue ukiwa umekaaje, na umeamua kwa kutegemea hisia ya pembe. Kama unyayo umepinda ndani zaidi ya unavyodhani, ukingo wa nje unagusa kwanza, na uzito wa mwili unaoshuka juu yake unamalizia kupinda. Kwenye lami bahati iko upande wako, kwa kuwa uso ni bapa na kosa dogo linasameheka. Jiwe likiinua ukingo wa ndani au mchanga ukibonyea upande wa nje, kosa la nyuzi 5 linajumlishwa na mwinamo wa ardhi.

Hapa kuna dhana moja iliyozagaa ambayo ningependa iachwe: kwamba mazoezi huharakisha misuli iuokoe mguu unapoanza kupinda. Misuli ya nje ya muundi huanza kuitikia takriban milisekunde 60 hadi 80 baada ya mguu kuanza kupinda, na makumi mengine ya milisekunde hupita kabla nguvu haijafika kwenye kano. Mtu anapotegua mguu kwa uzito wake wote, ligamenti ya mbele upande wa nje inaweza kuwa imekwisha kunyooka kupita kiasi ndani ya muda huohuo. Mwitikio hufika mazishi yakiwa yamekwisha. Kinachookoa mguu ni kutua vizuri tangu mwanzo, misuli ikiwa tayari imekaza kabla ya kugusa ardhi, na hilo ndilo linalofundishika.

Kwa sababu hiyo nisingekuanzisha kwenye sponji, ingawa ndiko wengi hukimbilia. Kwenye sponji ubongo unajifunza kupuuza kifundo, na wewe unataka uanze kukiamini tena. Wiki 2 za kwanza baki sakafuni, bila viatu, dakika 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Simama kwa mguu wa kulia macho yakiwa wazi, goti limelegezwa kidogo, sekunde 30 hadi 40, mara tatu. Uzito ugawanyike sehemu tatu za unyayo: kisigino, chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo. Vidole vikianza kung'ang'ania sakafu kama kucha za ndege, umechoka au unakaza mguu mzima kufidia, shuka upumzike. Ukiweza kumaliza bila kugusa chini, anza kugeuza kichwa kulia na kushoto polepole ukiwa umesimama hivyo. Hiyo inayavuruga macho na sikio kwa makusudi, na kifundo kinalazimika kubeba mzigo. Baada ya hapo fumba macho, kwa kuanza na sekunde 10.

Kuanzia wiki ya 3 ongeza kutua. Simama kwa mguu wa kushoto, ruka mbele sentimita 30 tu, tua kwa wa kulia, na ugande sekunde 3 hadi 5 bila kusogeza unyayo. Mara 8 hadi 10. Sikiliza kutua kwenyewe: mlio mmoja laini ni mzuri, milio miwili inaweza kumaanisha ukingo umegusa kabla ya unyayo. Mtu akikurekodi kwa simu kutoka nyuma, kwa mwendo wa polepole, utaona waziwazi kama kisigino kinaelekea ndani kabla ya kugusa. Kisha ruka kwenda pembeni, maana huko ndiko mguu hupindia. Ubao wa kuyumba unaweza kuingia wakati huu. Haufanani na sponji, kwa kuwa uso wake ni mgumu na kifundo kinapinda kweli kila unapoinama, hivyo vihisio vina kitu cha kuripoti. Sponji, mchanga na kokoto vije mwishoni, kuanzia wiki ya 5 au ya 6, kwa kutembea kwanza, kukimbia baadaye. Mpaka hapo, ukilazimika kupita njia mbaya au kucheza mchezo wenye kuruka na kugeuka, vaa kifunga kifundo. Hakidhoofishi mguu kama watu wanavyoogopa.

Maumivu makali ndani ya kiungo, kukwama, au uvimbe unaorudi kila baada ya mazoezi havitokani na hisia kupungua. Huenda gegedu limeumia au ligamenti imelegea kabisa, na hapo mtaalamu wa mifupa akuone kabla hujaendelea kuruka.

Na kama sponji ya haki nayo imekuangusha mara zote tatu, zipo dalili za kuangalia upande wa sikio. Chumba kikizunguka kwa chini ya dakika moja kila unapogeuka kitandani, huenda chembe za kalsiamu zimehama na kuingia kwenye mfereji, na mara nyingi hutibiwa kwa kugeuzwageuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu. Masikio yote mawili yakidhoofika kwa pamoja, kwa mfano baada ya sindano za gentamisini, mara nyingi chumba hakizunguki: mtu anatembea vizuri mchana kwenye sakafu na kuanguka gizani au kwenye mchanga, na maandishi yanaruka anapotembea. Jipime kwa kusoma maandishi ya ukubwa unaopungua, mstari kwa mstari, kichwa kikiwa kimetulia, kisha ukikitikisa kushoto na kulia mara 2 kwa sekunde. Kupoteza mstari mmoja ni kawaida. Ukipoteza zaidi ya miwili, muone daktari wa masikio. Kizunguzungu cha ghafla kikija pamoja na sikio moja kuziba au kutosikia, nenda siku hiyohiyo. Na kizunguzungu kikija na maneno kukwama, kuona vitu viwiliviwili au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo ni dharura ya ubongo, usisubiri.

Jipime upya kila baada ya wiki 2, saa ileile ya siku, kwa mguu mmoja sakafuni macho yakiwa yamefumbwa, mara tatu kila upande. Jitayarishe kuona wa kushoto nao ukipanda kidogo, kwa sababu sehemu ya mafunzo haya hukaa ubongoni na kutumiwa na pande zote. Kwa hiyo usilinganishe na ile 22 ya mwanzo. Linganisha na kushoto ya siku hiyohiyo, na rudi kukimbia kwenye mchanga wakati kulia kumefika angalau tisa ya kumi ya kushoto.